Makalio Hayajafa, Hayana Kazi Tu

Kiswahili kimeyaita makalio kwa sababu tunayakalia. Ni jina la haki kabisa, lakini linamtaja mfanyakazi kwa kile anachofanya akiwa likizo. Chini ya ngozi na mafuta ya pale nyuma kuna msuli mkubwa kuliko mingine yote mwilini, na kazi yake haina uhusiano na kukaa. Kazi yake ni kukunyanyua. Unapotoka kwenye sofa ya chini, unapopanda ngazi, unapokimbilia matatu inayoanza kuondoka, unapoinuka na ndoo ya maji mkononi, huo ndio msuli unaonyoosha nyonga na kukusimamisha. Ukisimama tu foleni ya benki, hufanya kazi kidogo sana. Ukitembea polepole kwenye tambarare, kidogo pia. Na ukikaa, unalala fofofo.

Sasa chukua siku ya dadangu. Ana miaka 31, anafanya hesabu za kampuni moja Upper Hill, na anaishi Rongai. Anakaa kwenye matatu saa moja na nusu asubuhi, anakaa mbele ya kompyuta saa nane, anakaa kwenye jam akirudi, halafu anakaa kwenye kochi kwa sababu amechoka. Amechoka na nini, sijui, manake mwili haujabeba chochote. Jumla inafika saa kumi na moja au kumi na mbili za kukaa. Msuli mkubwa kuliko yote mwilini umepelekwa kazini na kurudishwa nyumbani kama mzigo.

Aliponipigia simu alikuwa amepiga skwati kwa miezi mitatu. Hamsini kila jioni, mbele ya tivi, bila kukosa. Mapaja ya mbele yalikuwa magumu kama mbao. Makalio, hakuna kitu. Aliona video moja ikisema kukaa ofisini huua makalio, ati ubongo unasahau kuyawasha.

"Yangu yamekufa," akaniambia. "Wewe si ulisoma mambo ya mazoezi kabla uache chuo? Niambie yanafufuliwaje."

Nilisoma miaka miwili tu, na tangu hapo huwa naandikia wakufunzi wa jim maelezo ya mazoezi ili nilipe kodi. Lakini hiyo ilitosha kumjibu. Nilimwambia asimame, abane makalio yote mawili kwa nguvu, kama mtu anayezuia kitu, halafu ajishike kwa vidole. Yaligeuka magumu. "Basi hayajafa," nikasema. "Msuli uliokufa haubaniki. Yako hayana kazi tu."

Tofauti hiyo si maneno. Ukiamini yamekufa utatafuta kuyafufua: utayachua, utafunga ule mpira wa rangi magotini na kujitikisa, utabana matako ukiwa ofisini ukitumaini ubongo utakumbuka. Ukijua hayana kazi, utauliza swali lingine kabisa: ni kazi gani nitayapa, nzito kiasi gani, na mara ngapi kwa wiki?

Kwanza lakini nilitaka kuona hizo skwati. Jumamosi nikaenda Rongai, akanionyesha. Zilikuwa safi kwa macho: mgongo wima, kifua juu, magoti mbele. Na zilikuwa fupi. Alishuka hadi mapaja yakafika pale yanapofika mtu akitaka kukaa kwenye kiti cha ofisi, akarudi juu. Alikuwa akirudia mwendo uleule wa kiti chake cha kazini, bila kiti.

Hapa ndipo mambo yalipo. Kwenye skwati, makalio hubeba mzigo mkubwa ukiwa chini kabisa, wakati nyonga imekunjwa na msuli umevutika. Ukipanda, mzigo juu yao unapungua, na ukisimama wima uzito wote umepita juu ya mifupa, msuli hauna la kufanya. Kwa hivyo ukibana makalio pale juu kwa nguvu zako zote, unabana hewa. Na ukishuka nusu tu, umekatiza safari kabla ya kufika mahali ambapo makalio yangeitwa kazini. Magoti yakienda mbele na mgongo ukabaki wima, kazi inaenda kwa paja la mbele, na paja la mbele halilalamiki, linawaka tu.

Kuna utafiti wa Kijapani wa 2019 ambao hupenda kunisaidia kwenye mabishano ya aina hii. Wanaume walifanya mazoezi kwa wiki 10, kundi moja likishuka hadi chini, lingine nusu. Paja la mbele lilikua karibu sawa kwa makundi yote mawili. Makalio ya walioshuka hadi chini yalikua karibu mara tatu ya wenzao: asilimia 6.7 dhidi ya 2.2. Zoezi ni lile lile kwa jina. Kilichobadilika ni kina.

Lakini dadangu aliniuliza jambo lingine, na lilikuwa swali zuri. "Nikishuka chini kabisa nitayasikia?" Labda hapana. Msuli ukifanya kazi ukiwa umevutika, wengi hawausikii ukiwaka. Unaousikia ni ule unaofanya kazi ukiwa umejikunja, kama pale unapolala chali na kuinua nyonga, makalio yakibanwa juu kabisa na mzigo ukiwa bado upo. Ndiyo maana zoezi la kusukuma nyonga, lile ambalo jim wanaita hipu thrasti na ambalo mkufunzi Mmarekani Bret Contreras amelitangaza kuliko mtu yeyote, linawafurahisha watu. Linachoma mahali penyewe.

Ila kuchoma si kukua. Mwaka wa 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, walichukua vijana wasiofanya mazoezi ya uzani, wakawapa nusu skwati na nusu kusukuma nyonga, kwa wiki 9. Vipimo vya umeme wa misuli vilionyesha makalio yakipiga kelele zaidi kwenye kusukuma nyonga. Picha za MRI mwishoni zilionyesha makalio yamekua takriban sawa kwa makundi yote mawili, na mapaja yamekua zaidi kwa wale wa skwati. Contreras mwenyewe alikuwa mmoja wa walioandika utafiti huo.

Kwa hivyo kutosikia kitu kwenye skwati si ushahidi kwamba hakuna kitu. Ushahidi ni kina na uzito. Dadangu hakuwa na kina, na hakuwa na uzito: mtu anayeweza kurudia jambo mara 50 akitazama tivi amezoea jambo hilo, na mwili haujengi msuli kwa ajili ya kitu ulichozoea. Alichohitaji ni kazi nyingine tatu pamoja na skwati iliyorekebishwa, na namna ya kuongeza uzito kila baada ya muda mfupi. Jim hakutaka. Ada ilikuwa juu na alisema hana nguvu ya kutazamwa. Tukatumia nyumba.

Uzani ulikuwa unga. Pakiti moja ya unga wa ugali ni kilo 2 kamili, imepimwa na kuandikwa. Furushi zima la duka la jumla ni pakiti 12, kilo 24. Mtungi wa maji wa lita 10 ukijaa ni kilo 10 na mkebe wake kidogo, wa lita 20 ni kilo 20. Angalizo moja kuhusu mtungi: ujaze hadi juu. Ukiwa nusu, maji yanacheza ndani na kukuyumbisha katikati ya zoezi. Na angalizo la unga ni la kifamilia. Wiki ya pili uzani wake ulipungua kwa kilo 4 bila maelezo, mpaka akaandika kwa kalamu nene juu ya kila pakiti: USIPIKE.

Ratiba ilikuwa siku mbili kwa wiki, Jumanne jioni na Jumamosi asubuhi, dakika 40 hivi. Siku mbili zinatosha mtu anayeanza, bora tu ziachane ili msuli upone. Jumanne alifanya daraja na kuinama. Jumamosi alifanya daraja tena, kupanda stuli, na skwati ya kina. Kila zoezi lilikuwa seti mbili kwa wiki mbili za kwanza, baadaye tatu, na mapumziko ya dakika mbili kati ya seti. Mapumziko ya dakika mbili alinipigia kelele, alizoea video za mtu anayeruka bila kupumua. Lakini hapa hatutafuti jasho. Tunataka msuli urudi na nguvu ya kubeba tena.

Tuanze na daraja, manake ndilo lililomfundisha msuli uko wapi. Unalala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, miguu upana wa nyonga. Unatoa pumzi mpaka mbavu zishuke, unavuta bakoli ya mshipi kuelekea kidevuni kidogo tu, halafu unasukuma sakafu kwa visigino na kuinua nyonga mpaka magoti, nyonga na mabega viwe mstari mmoja. Unakaa juu sekunde mbili, unashuka polepole.

Inasikika rahisi, na ndipo watu wengi wa ofisini hupotea. Mara ya kwanza dadangu alifika la sita tu, msuli wa nyuma ya paja ukamshika, akapiga yowe jirani akagonga ukuta. Dawa yake ni miguu. Ikiwa mbali sana na makalio, nyuma ya paja ndiyo inavuta. Ikiwa karibu sana, paja la mbele linawaka. Mahali pake ni pale ambapo, ukiwa juu, miundi imesimama wima kama nguzo. Nilimvutia miguu ndani nusu shubiri, mshiko ukaisha. Kisha akasema sasa anasikia kiuno. Hapo alikuwa anapanda kupita kiasi: nyonga zilishafika mwisho wake, akaendelea kwa kukunja mgongo. Mtu anayekaa siku nzima misuli ya mbele ya nyonga huwa imemkaza, nyonga haifunguki vizuri, basi mgongo unajitolea kumalizia. Nilimpigisha goti moja chini kama mtu anayechumbia, abane kalio la upande ule wa goti lililo chini, asogee mbele kidogo, sekunde 40 kila upande. Akarudi kwenye daraja, akashuka sentimita chache kutoka pale alipokuwa anafika, akaacha mbavu chini.

La nane alinyamaza. La kumi akasema, "Aah. Hapa?" Nikagusa kwa vidole viwili, pakawa pagumu. "Hapo."

Baada ya wiki mbili tulihamia kwenye kochi. Mgongo unaegemea ukingo wa kochi, sehemu ya chini kidogo ya mabega ikigusa, kochi likiwa limesukumwa ukutani lisiteleze. Leso iliyokunjwa inawekwa kwenye mkunjo wa nyonga, mfuko wa unga juu yake, mikono inaushika. Kidevu kinabaki kifuani, macho yanatazama magoti, si dari. Ukitazama dari, mgongo unakunjika tena. Alianza na pakiti 4.

Zoezi la pili, kuinama, nilimwambia anamjua mwalimu wake. Mtazame mama anayefua nguo kwenye beseni au anayepalilia. Miguu imenyooka karibu yote, mgongo ni bapa kama meza, na mkunjo uko kwenye nyonga, si kiunoni. Anaweza kukaa hivyo muda mrefu akipiga soga. Sisi wa vitini tumepoteza mkunjo huo: tukiambiwa tuiname tunakunja mgongo kama uduvi, au tunapiga magoti. Jim hilo zoezi ni dedilifti ya Kirumania. Mama hajui Rumania iko wapi, ila umbo analo.

Simama ukishika mtungi kwa mikono miwili mbele ya mapaja. Legeza magoti kidogo na uyaache hapo hapo. Halafu peleka makalio nyuma, kama mtu aliyebeba vikombe mikono yote miwili na anataka kufunga mlango kwa makalio. Mtungi unashuka ukikwaruza mapaja. Utasikia nyuma ya paja na pale chini ya kalio, penye mkunjo, pakivutika kama kamba. Pale ambapo makalio hayaendi tena nyuma ndipo mwisho wako, hata kama mtungi uko juu ya goti. Ukiendelea kushuka, ni mgongo unaokunjika. Dadangu alijifundisha na ukuta: anasimama hatua fupi mbele ya ukuta akiupa mgongo, anaugusa kwa makalio, anasogea inchi mbili mbele, anaugusa tena. Akishindwa kuugusa bila kupiga magoti, amefika kikomo chake cha siku hiyo.

Hili halikumchoma hata kidogo. Alifanya marudio 10 ya seti zote akanitazama kama nimemdanganya. Alhamisi akanitumia ujumbe: "Siwezi kukaa kwa choo." Sitaki uchukue maumivu kama kipimo, kwa sababu kitu chochote kipya huuma na kikizoeleka huacha kuuma. Nakuambia tu kwamba mahali palipouma palikuwa pale chini ya kalio, na wakati wa zoezi hakuwa amesikia lolote pale. Hisia za papo hapo huficha mengi.

Zoezi la tatu ni kupanda stuli. Tulitumia ya mbao yenye urefu wa sentimita 40, iliyowekwa ukutani isikimbie. Mguu mzima juu ya stuli, kiwiliwili kimeinama mbele kidogo, unapanda, unashuka kwa sekunde tatu. Kila mguu mara nane. Udanganyifu wa zoezi hili uko kwenye mguu wa chini: unajirusha kwa vidole, na mguu wa juu unapokea tu sifa. Namna ya kujua ni kuinua vidole vya mguu wa chini, ubaki kwenye kisigino, halafu upande. Dadangu alipofanya hivyo hakuweza hata mara moja. Alikwama pale pale akicheka. Tukashusha hadi kidato cha ngazi za ploti, kama sentimita 18, na hapo akapata nane safi. Mwezi mzima alikuwa kwenye kidato kimoja kabla ya kupanda viwili.

Tena mwangalie mtu kwa mbele akipanda. Nyonga ya upande unaoning'inia ikidondoka, au goti likikimbilia ndani, ujue msuli wa pembeni mwa kalio, ule unaoshika nyonga isilale, umelemewa. Dadangu upande wa kushoto ulidondoka zaidi. Hatukumwongezea zoezi lingine. Tulishusha kimo, akashika ukuta kwa kidole kimoja, akapunguza kasi. Wiki ya saba nyonga ilikuwa inabaki sawa.

La nne ni skwati yenyewe, manake hatukuifukuza. Tulimpa kigoda cha jikoni, kile cha kukalia ukichambua mboga, na mto juu yake. Anashuka mpaka aguse, bila kujitupa, anasimama. Visigino vyake vilikuwa vinanyanyuka akipita katikati, kwa hivyo tukapanua miguu kidogo na kuvielekeza vidole nje, na akashika pakiti moja ya unga kifuani. Uzito ule wa mbele humsaidia mtu asianguke nyuma, na ghafla akaweza kushuka kuliko alivyodhani. Baada ya wiki nne tuliondoa mto. Marudio yakashuka kutoka 50 hadi 10, na yakawa magumu mara mbili.

Kuhusu kuongeza uzito, kanuni yetu ilikuwa moja. Kila zoezi lina marudio 8 hadi 12. Seti iishe ukiwa na uwezo wa kufanya mawili zaidi kwa umbo zuri, si matano, na si sifuri. Ukifika 12 kwenye seti zote tatu, wiki ijayo ongeza pakiti moja, marudio yatashuka hadi 8 au 9, anza kupanda tena. Anaandika kwenye daftari. Daftari ndilo linalokuambia ukweli, kwa sababu ukisoma mwezi mzima na namba ni zile zile, hakuna msuli unaojengwa, hata kama unatoka jasho.

Lake lilisema hivi. Daraja kwenye kochi: wiki ya tatu kilo 8 mara 12, wiki ya sita kilo 14, wiki ya kumi na mbili furushi zima la kilo 24, mara 12, seti tatu. Kuinama: mtungi wa lita 10 kwa wiki tano, kisha mtungi na pakiti kwenye mfuko, na wiki ya kumi akashika wa lita 20. Kupanda: kidato kimoja, vidato viwili, kisha begi la kilo 6 mgongoni. Skwati: kigoda bila mto, pakiti 3 kifuani. Wiki ya tano iko wazi. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kufunga hesabu, alitoka ofisini saa tatu usiku mara nne mfululizo. Wiki ya sita alirudi pale alipoachia, hakupoteza chochote.

Chakula tulibadilisha kitu kimoja. Alikuwa anakunywa chai na mandazi asubuhi, na protini yake ya kwanza ilikuwa saa nane mchana, kama ipo. Msuli haujengwi kwa mandazi. Tukaweka mayai mawili asubuhi, ndengu au maharagwe mchana, na omena au nyama jioni. Basi.

Matokeo? Tepu ya fundi wa nguo, ikizungushwa mahali panapojaa zaidi, ilitoka sentimita 98 hadi 99 na nusu. Hiyo ndiyo wiki 12 ya kweli kwa mtu wa kawaida. Picha za kabla na baada unazoziona mtandaoni, nyingi ni mwanga, suruali ya kubana, na kiuno kilichokunjwa. Dadangu alikuwa amehifadhi namba ya mtu anayeuza sirapu ya kuongeza makalio, na aliniuliza bila kunitazama kama inafanya kazi. Nilimwambia sirapu ya kuamsha hamu ya kula itakunenepesha, lakini kalori hazina anwani, hazijui zishuke wapi. Na dawa isiyoandikwa kilicho ndani yake si kitu cha kumeza kwa sababu ya suruali. Umbo la mfupa wa nyonga na mahali mafuta yanapokaa, hayo umerithi. Msuli ndio sehemu unayoweza kujadiliana nayo, na hujadiliana polepole.

Mabadiliko aliyoyataja yeye hayakuwa ya tepu. Kochi letu la nyumbani kwa mama ni la chini, limezama katikati. Mama ana miaka 62 na hutoka pale bila kushika kitu, akiwa na kikombe mkononi. Dadangu, mwenye nusu ya umri huo, alikuwa hutoka kwa kusukuma magoti kwa viganja huku akisema "uuh". Wiki ya tisa alitoka bila mikono na bila "uuh". Mama ndiye aliyeona.

Ofisini bado anakaa saa nane. Mazoezi mawili kwa wiki hayafuti hilo, na kuinuka kila saa kujaza chupa ya maji hakujengi makalio. Huinuka tu kwa sababu mgongo unamshukuru. Lakini amepata kitu kingine bure. Badala ya kubadilisha matatu mjini, hushuka na kupanda kilima cha Upper Hill kwa miguu. Kwenye mwinuko makalio hufanya kazi ambayo tambarare haiwapi, na kule mtaa wenyewe umepewa jina la mwinuko.

Kuna maumivu ambayo hii ratiba haiyahusu. Ukisikia umeme ukishuka mguuni, au ganzi, au kitu kinabana kwenye kinena kila ukishuka, au upande wa nyonga unakuamsha usiku, weka unga chini uende kwa daktari au mtaalamu wa viungo. Uchovu wa msuli uko katikati ya nyama, pande zote mbili, na unaisha kwa siku mbili au tatu. Kinachochoma upande mmoja na kushuka ni habari nyingine.

Sasa yuko wiki ya kumi na tano. Furushi la kilo 24 limekuwa jepesi, na hataki kununua la pili kwa sababu nyumba ni ndogo. Kwa hivyo nimemwambia arudi kwenye daraja la sakafuni, bila unga wowote, mguu mmoja hewani. Jana alifanya nane kulia na tano kushoto. Tutaanzia kushoto, na kulia kutasubiri.